Pazia la mlangoni linaanguka: soma ukuta kabla ya kukaza tena

Bomba la kubana likidondoka na pazia lake usiku wa manane, wengi huliokota, hulizungusha likaze zaidi kuliko mwanzo na kulirudisha palepale. Baada ya siku chache liko chini tena. Kabla hujalirudisha, washa taa uangalie pale raba zilipokuwa zimebana. Ukuta huwa umeandika karibu kila kitu: mchirizi mweusi unaoshuka, duara safi lisilo na mchirizi, rangi iliyobanduka, au plasta iliyopata ufa. Kila alama ina chanzo chake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Bomba hili halina msumari wala skrubu. Ndani yake kuna springi inayosukuma kofia mbili za raba kwenye miimo ya mlango, na kinachobeba pazia ni msuguano wa zile raba tu. Kwa hiyo maswali ni mawili: springi inasukuma kwa nguvu kiasi gani, na raba imeng'ang'ania uso wa namna gani. Wapangaji wengi hulipenda kwa sababu mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, na kwa mlango wa kawaida wa ndani, wenye upana wa sentimita 80 hadi 90, linafaa kabisa kama uzito haujazidi.

Limedondoka siku hiyohiyo, na ukutani hakuna mchirizi

Hapa springi haijawahi kufanya kazi. Mtu ameliweka bomba katikati ya miimo, akalivuta hadi raba zikagusa pande zote mbili, akaona limesimama, akatundika pazia. Kugusa si kubana. Springi ambayo haijaminywa haina cha kusukuma.

Aina ya kawaida hufungwa hivi. Pima upana pale juu bomba litakapokaa, usipime chini kwa kuwa ndiko mkono unakofika. Ukiwa na bomba sakafuni, lirefushe lizidi kipimo hicho kwa sentimita 2 hadi 3, kisha zungusha mabomba mawili, jembamba na nene, hadi yajifunge yasiteleze tena. Sasa bonyeza upande mmoja kwa kiganja springi iminyike, ingiza bomba likiwa limeinama kidogo, halafu lisukume linyooke. Lazima likupe kazi kidogo. Likiingia kirahisi kama kalamu mfukoni, litoe, uongeze nusu sentimita.

Ipo aina ya pili, yenye kichwa cha nyuzi za skrubu upande mmoja. Hiyo huwekwa kwanza mahali pake, kisha kichwa huzungushwa hadi kibane. Kosa lake ni kinyume cha la kwanza, kwa sababu ina nguvu kuliko inavyoonekana. Ukizidisha, bomba hupinda kuelekea juu kama upinde, na hapo raba hazikai tena bapa ukutani, zinagusa kwa ukingo wa juu tu. Kwenye ukuta wa plasta dhaifu utaona ufa mwembamba unaoizunguka raba. Ukiona hivyo, legeza. Bomba lililonyooka linashika zaidi ya lililopinda, hata kama mkono wako unahisi kwamba umelikaza kidogo.

Linateremka taratibu, upande mmoja

Hili ndilo tatizo lenye sura nyingi, kwa hiyo nalieleza kwa nyumba moja niliyoitwa Tabata. Dada mpangaji alikuwa ametundika pazia la shanga za mbao kwenye uwazi kati ya sebule na korido, uwazi usio na mlango. "Fundi, nimelikaza mpaka mikono inauma," aliniambia. "Likikaa siku tatu, upande huu unashuka. Ule mwingine wala hausogei."

Upande wa kushoto kulikuwa na mchirizi mweusi wenye urefu wa kiganja, umeanzia raba ilipokuwa mwanzo hadi pale iliponasa kabla ya kuanguka. Kulia palikuwa safi. Kwa kuwa springi ni moja na inasukuma pande zote kwa nguvu sawa, upande mmoja ukiteleza na mwingine ukabaki, usiilaumu springi. Tofauti iko ukutani au kwenye mgawanyo wa uzito. Kwake vilikuwepo vyote viwili.

Ukuta kwanza. Kulia kulikuwa na fremu ya mbao iliyopakwa rangi ya mafuta, ngumu na laini. Kushoto fremu ilikuwa imeondolewa zamani, ikabaki plasta iliyopakwa rangi ya maji. Nilipitisha kiganja, kikatoka cheupe. Rangi inayotoa unga hivyo haishikiki. Raba inabana ule unga, na unga ndio unaoteleza juu ya ukuta. Unaweza kukaza hadi asubuhi bila kubadilisha chochote. Jaribio la kiganja ni la kufanya kila mara kabla hata ya kununua bomba.

Uzito ukafuata. Nilimwomba atoe uzi mmoja wa shanga, tukaupima kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 45. Nyuzi zilikuwa 60, kwa hiyo pazia zima lilikuwa kilo 2.7. Si kubwa. Likiwa limetandazwa, kila raba inabeba kilo 1.35. Lakini nyuzi zake zilining'inia kwa pete, na mchana alikuwa akizisukuma zote kushoto ili korido ipate mwanga. Uwazi ni sentimita 85. Nyuzi zote zikikusanyika ndani ya sentimita 30 za kushoto, raba ya kushoto inabeba kama kilo 2.2, ya kulia inabaki na nusu kilo. Ndiyo kusema upande wenye ukuta mbaya ulikuwa ukibeba zaidi ya mara nne ya upande wenye ukuta mzuri. Ongeza watoto wanaopita wakivuta shanga kwa mkono, na siku tatu hapo ni nyingi.

Kama unga ungekuwa mwepesi, ningefuta kwa kitambaa chenye maji, nikaacha ukuta ukauke, nikasugua raba kwa maji ya sabuni na kumaliza. Raba yenye vumbi au mafuta ya jikoni hupoteza nusu ya kazi yake, na watu huisahau kwa sababu imegeukia ukutani. Usitumie petroli wala kiondoa rangi ya kucha, huilainisha raba na kuharibu rangi ya ukuta. Lakini unga wa Tabata uliendelea kutoka hata baada ya kufuta. Kubandika kipande cha ubao kwa gundi nako hakusaidii ukuta wa namna hiyo, kwa kuwa gundi inashika rangi, na rangi haijashika ukuta.

Tulichofanya ni kuhamisha uzito kutoka ukutani kwenda sakafuni. Nilikata mbao mbili nyembamba, inchi mbili kwa inchi moja, kila moja ikisimama sakafuni na kufika kimo cha bomba, ikiwa imelala bapa dhidi ya mwimo. Karibu na ncha ya juu, upande unaotazama uwazi, niligongomelea kijipande cha ubao kama kikalio, na raba ikakaa juu ya kikalio hicho. Springi inaibana mbao ukutani isianguke, na mbao inalibeba pazia hadi sakafuni. Ukuta haubebi tena uzito, na hakuna tundu hata moja. Uwazi ulipungua kutoka sentimita 85 hadi 80, bomba likafupika, na bomba fupi huwa gumu zaidi. Zikipakwa rangi ya ukuta, mbao hizo hazionekani kirahisi. Kama kuna mlango unaofungwa hapo, angalia kwanza kwamba mbao haitauzuia, na kama kuna sketing chini, chonga kona ya mbao iipishe.

Kuna chanzo kingine cha kuteremka kisichohusiana na unga: miimo isiyo sambamba. Pima upana sehemu mbili, kimo cha bomba na sentimita 20 chini yake. Chini kukiwa na upana zaidi, hata kwa nusu sentimita, raba zimelalia mteremko na kila mtikisiko unazisogeza kwenye nafasi kubwa zaidi. Pima pia mbele na nyuma ya mwimo. Ukuta wa zamani uliokatwa ukipanuka kuelekea chumbani hulitema bomba mbele, si chini, na pazia hudondoka ghafla bila mchirizi wowote wa wima. Dawa ni kabari nyembamba ya ubao nyuma ya raba, iliyochongwa hadi uso uwe sambamba na wa upande wa pili, au kusogeza bomba sentimita chache hadi mahali palipo sawa. Mara nyingi hili la pili linatosha.

Ukimaliza, usiliamini kwa macho. Chora mstari mwembamba wa penseli chini ya kila raba, kisha tundika dumu la lita 5 kwa kamba ndefu, kitako chake kikiwa juu ya sakafu kwa vidole vinne tu, lisije likamwangukia mtu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jaza mara moja na nusu hadi mara mbili ya uzito wa pazia, uliache usiku kucha. Kama pazia lako husukumwa upande mmoja, tundika dumu upande huo, si katikati. Asubuhi mstari ukionekana umefunikwa na raba, bado kazi haijaisha.

Bomba limepinda katikati

Raba hazijasogea, lakini katikati pameshuka na nyuzi za shanga zimekusanyika pale kama zimeitana. Hapa kukaza hakusaidii kabisa, kwa sababu lililoshindwa ni bomba lenyewe. Angalia kiungo, pale bomba jembamba linapoingia ndani ya nene. Bomba likivutwa karibu na mwisho wake, sehemu iliyobaki ndani ni fupi na kiungo hukunjika. Mimi hutaka angalau sentimita 15 zibaki ndani, na ikiwezekana bomba nene lichukue sehemu kubwa ya uwazi. Bomba lililoandikwa 70 hadi 120 linafaa mlango wa 85. Kwenye uwazi wa 118 litaingia, ndiyo, na litapinda. Uzito ulioandikwa kwenye pakiti nao mara nyingi unahusu bomba likiwa fupi.

Kabla ya kununua jingine, tazama mahali uzito unapobonyeza. Mapazia mengi ya shanga huja yameshonewa kwenye ubao mwembamba wenye vitundu au vishikio juu. Watu hulifunga kwa kamba moja au mbili za katikati, na kilo tatu zote zinabonyeza pale bomba lilipo dhaifu zaidi. Sogeza zile kamba ziwe karibu na raba, sentimita 8 hadi 10 kutoka kila ncha. Uzito ni uleule, ila sasa unaning'inia karibu na tegemeo, na bomba lililokuwa limepinda hunyooka mbele ya macho yako. Ubao wa pazia ndio utakaobeba katikati, nao kwa kawaida ni mgumu kuliko bomba.

Pazia la kitambaa linaanguka ingawa ni jepesi

Kitambaa cha pamba kwa mlango wa sentimita 85, hata kikiwa na marinda ya kutosha, hakifiki kilo moja. Kwa hiyo kikianguka, ama springi haikuminywa, ama kuna kitu kinakivuta. Mara nyingi ni upepo. Nyumba zenye mlango wa mbele na wa nyuma vikitazamana hupitisha upepo moja kwa moja, na mji wa pwani wakati wa kusi unalijua hilo vizuri. Pazia pana la kipande kimoja linajaa kama tanga na kulivuta bomba mbele. Ishara yake ni kwamba raba zimesogea kwa ulalo kuelekea upande mmoja wa ukuta, hazikushuka.

Likate liwe vipande viwili vinavyokutana katikati kwa kupishana kidogo. Upepo utapita, na watu nao watapita bila kuvuta. Fupisha pindo liishe sentimita 2 juu ya sakafu, kwa sababu pazia linalokanyagwa linavutwa kwa uzito wa mwili mzima, na hapo hakuna springi itakayovumilia. Ukitaka litulie, shonea mnyororo mwembamba ndani ya pindo la chini badala ya kuongeza kitambaa.

Wapo wanaosema bomba lilikaa vizuri wiki nzima kisha likalegea lenyewe. Sababu huwa kwenye mfereji wa pazia, ule mkunjo wa juu bomba linamopita. Ukiwa mwembamba sana, kila mtu akivuta pazia anazungusha bomba nene, na lile ni bomba linalofungwa na kufunguliwa kwa kuzungushwa. Anakulegezea bila kujua. Panua mfereji uwe na nafasi ya vidole viwili juu ya bomba, au tumia pete.

Kama umeweka reli

Reli nyepesi ya alumini au plastiki inafaa pale uwazi unapozidi mita moja na nusu, au pazia linapotakiwa kuteleza kila siku. Inahitaji skrubu, kwa hiyo ongea na mwenye nyumba kwanza. Ile ya kubandika kwa gundi ya pande mbili inamudu kitambaa chepesi tu, na juu ya rangi inayotoa unga haimudu hata hicho.

Vigurudumu vikikwama mahali palepale kila mara, toa pazia upitishe kidole ndani ya reli. Utakutana na kichwa cha skrubu kilichotokeza, au utaona reli imebanwa. Skrubu ikikazwa kupita kiasi juu ya ukuta usio tambarare, reli inajikunja na mfereji wake unakuwa mwembamba. Legeza robo mzunguko, jaribu tena. Vikikwama popote pale, huwa ni rangi au vumbi, na kusugua kipande cha mshumaa mkavu ndani ya mfereji kunatosha. Usipake mafuta ya kupikia, yatakamata vumbi.

Reli ikishuka pamoja na skrubu zake, tundu litakuambia. Likiwa na unga mweupe na kingo zilizomeguka, skrubu iliingia kwenye ubao wa jipsamu peke yake. Tafuta mbao za dari zilizo nyuma yake kwa kugonga kwa kifundo cha kidole: penye mbao hujibu kwa sauti nzito, pasipo na kitu kwa sauti ya ngoma. Funga hapo, au ihamishie kwenye kizingiti cha zege juu ya mlango kwa drili na plagi za plastiki.

Nyuzi za shanga zinakatika au zinasukana

Tazama uzi ulipokatikia. Ukikatika juu kabisa, kwenye kitundu cha ubao, ukingo wa kitundu ndio unaoukata. Zungushia msasa ndani ya kitundu kabla ya kupitisha uzi mpya. Ukikatika katikati ya shanga, matundu ya shanga zenyewe ni makali, jambo la kawaida kwa shanga za kioo na za bei nafuu, na uzi wa pamba hautadumu hapo. Tumia nailoni ya kuvulia samaki, na fundo la chini ulifunge likiwa limerudi ndani ya shanga ya pili, kwa sababu nailoni hufunguka fundo lake yenyewe ikiachwa na mkia mfupi.

Nyuzi zinazosukana kila siku ni ndefu mno. Zinagusa sakafu, ncha zake hazizunguki kujifungua, na kila anayepita anaongeza msokoto. Ondoa shanga mbili au tatu za chini kwa kila uzi, ziachie hewa ya kidole kimoja hadi viwili. Nyumba yenye mtoto mdogo zifupishe zaidi, ziishe juu ya kimo chake, kwa kuwa uzi wa nailoni ukimzunguka shingoni haukatiki. Na kama uwazi wenyewe ni wa jikoni penye jiko la mkaa au la gesi karibu na mlango, shanga za plastiki na kitambaa visiwekwe hapo kabisa.